Mashimo tatu, sim thelathini: kuandika skripti itakayosomwa na sauti ya kompyuta

Nilikuwa nimemaliza video ya dakika tatu juu ya kuhamisha miche kutoka kitaluni kwenda shambani. Picha zilitoka safi, skripti nilikuwa nimeipitia mara mbili, na kwa kuwa koo lilikuwa limenikauka, kazi ya kusimulia niliiachia sauti ya kompyuta. Dada yangu aliisikiliza huku anakunja nguo, mgongo ameupa skrini. Ilipofika katikati akageuka: "Hebu rudisha nyuma kidogo. Sim thelathini ndiyo nini?"

Sentensi yenyewe ilianza hivi: *Chimba mashimo 3 yenye kina cha sm 30.* Kwa jicho haina kasoro. Sauti ilisema "chimba mashimo tatu yenye kina cha sim thelathini". Makosa mawili katika maneno machache hivyo, na yote mawili niliyasababisha mimi. Nilimpa msomaji asiyejua Kiswahili maandishi ambayo ni lazima ujue Kiswahili ndipo uyasome.

Tangu hapo nina utaratibu wangu, nao ndio huu. Ninaufuata kwa programu yoyote ya kusoma maandishi kwa sauti, kwa sababu makosa yenyewe hufanana.

Kwanza, jua mashine inafanya nini na maandishi yako

Kabla sauti haijatoka, maandishi hupita sehemu tatu. Kwanza husafishwa: tarakimu, vifupisho na alama hugeuzwa kuwa maneno. Kisha maneno hugeuzwa kuwa sauti za herufi na silabi. Mwisho mashine hukisia kiimbo, yaani wapi sauti ipande, wapi ishuke, wapi ipumzike.

Sehemu ya pili Kiswahili kinaisamehe sana mashine. Tunaandika tunavyotamka, na mkazo karibu kila mara unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana neno refu kama "yaliyochanganyikana" hutoka vizuri. Shida iko kwenye sehemu ya kwanza na ya tatu. Kwenye tarakimu mashine inafuata kanuni bila kujua ngeli. Kwenye kiimbo inabahatisha kwa kutazama alama za uandishi na maneno ya jirani, kwa sababu haijui unachotaka kusisitiza.

Kwa hiyo kazi ya mwandishi ni kuifanya mwenyewe sehemu ya kwanza, halafu kuandika sentensi ambazo hata zikisomwa kwa kiimbo kisicho na uhai bado zitaeleweka.

Hatua ya kwanza: ondoa tarakimu zote

Sisemi uzipunguze. Zitoe zote, kila namba uiandike kwa maneno. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo video nyingi za Kiswahili zinapojulikana mara moja kwamba hazikusomwa na mtu.

Namba zetu haziko sawa. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hufuata ngeli ya kitu kinachohesabiwa: mche mmoja, miche miwili, vijiko vitatu, mashimo manne, watu watano, vifuko vinane. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Mashine ikikuta `3` huandika "tatu" na kuendelea na safari. Haitazami nyuma kuona kama kinachohesabiwa ni mashimo au watu.

Hatari yake ni kwamba kosa halitokei kila mara. Ukijaribu sauti kwa "miche 6" itasema "miche sita", sawa kabisa. Ukijaribu kwa "picha 3" au "ndoo 2" itasema "picha tatu", "ndoo mbili", nayo ni sawa, kwa sababu ngeli hiyo haiongezi kitu mbele ya namba. Unaridhika, unatengeneza video nzima, kisha inafika "miche 5" na masikio ya watu yanashtuka. Kwa hiyo ukitaka kuipima sauti mpya, ipime kwa "vijiko 2", "watu 3" na "miche 25". Hiyo ya mwisho inatakiwa itoke "miche ishirini na mitano". Sauti nilizojaribu zilisema "ishirini na tano".

Namba za mpangilio zina mtego mwingine. `Hatua ya 1` itasomwa "hatua ya moja", na `hatua ya 2` "hatua ya mbili". Andika "hatua ya kwanza", "hatua ya pili". Kuanzia ya tatu huna wasiwasi, ila ziandike kwa maneno vilevile ili usizoee vibaya.

Vipimo na asilimia vina mpangilio wake. Sisi tunataja kipimo kwanza halafu namba: kilo mbili, mita tatu, asilimia kumi. Ukiandika `2kg` au `10%` mashine inaweza kusema "mbili kilo" na "kumi asilimia", au ikasoma herufi moja moja. Kifupisho kama `sm` nacho ni bahati nasibu. Kuna sauti itakayosema "sentimita", nyingine "esi-emu", nyingine "sim" kama ile iliyomshangaza dada yangu.

Saa ziandike jinsi zinavyosemwa. `Saa 12:30 asubuhi` iwe "saa kumi na mbili na nusu asubuhi", na `saa 2:45` iwe "saa tatu kasorobo". Kistari kati ya namba mbili, kama `siku 7–10`, kiandike "hadi". Na uwiano kama `3:1` usiuandike kabisa. Sema "ndoo tatu za hiki, ndoo moja ya kile". Hata mtu akikusomea "tatu kwa moja" bila picha, itabidi ufikiri kwanza.

Vifupisho vyenye nukta, kama n.k., k.m. na Dkt., vina madhara mawili. Huenda visitamkwe vizuri, na tena nukta yake mashine huichukulia kuwa mwisho wa sentensi, ikashusha sauti na kupumzika mahali pasipo na pumziko. Andika "na kadhalika", "kwa mfano", "Daktari".

Hatua ya pili: winda maneno yenye sura moja

Haya ni machache, lakini likikupata moja linakuchekesha mbele za watu. Kwenye skripti yangu niliandika "ufukiwe na kushindiliwa barabara", nikimaanisha sawasawa. Neno hilo mkazo wake unakaa kwenye silabi ya pili. Barabara ya kupita magari inafuata kanuni ya kawaida, mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. Mashine haijui tofauti, inachukua kanuni ya kawaida, na mtazamaji akabaki anajiuliza barabara imeingiaje kwenye shimo la mche. Niliandika "vizuri" badala yake. Hakuna haja ya kupigana na programu wakati lugha ina neno jingine.

"Mbuni" ni mtego wa aina hiyohiyo. Anayebuni kitu, "m" yake inasimama kama silabi peke yake. Ndege mkubwa asiyeruka, "mb" inatamkwa kwa pamoja. Ukiandika "mbuni wa bustani" unaweza kujikuta na ndege anayepanga maua. Andika "msanifu".

Na "haya". Neno hili linaweza kuwa la kuanzisha jambo, linaweza kuonyesha vitu vilivyo karibu, linaweza kuwa aibu. Ukiandika "Haya maji tunamwaga pembeni", mashine itasoma kama unaonyesha maji. Kama ulimaanisha "haya basi, twende", weka koma, au bora uanze na "Sasa".

Angalia pia ritifaa. Kibodi za simu hupenda kuigeuza ile alama ya kawaida `'` kuwa alama iliyopinda `‘` au `’`. Baadhi ya programu huichukulia alama iliyopinda kuwa ni ya kufunga nukuu na kulikata neno, hivyo "kung'oa" inatoka "kung", pumziko, "oa". Kabla ya kutoa sauti, tafuta alama zote zilizopinda kwenye faili na uzibadilishe kuwa ya kawaida.

Maneno ya kigeni na herufi za kifupi yaandike kwa sikio. Kwenye skripti yangu kulikuwa na `pH` ya udongo, nikaandika "pi-echi". Jaribu tahajia mbili au tatu mpaka itoke unavyotaka. Kistari husaidia kutenganisha herufi, lakini kuna sauti zinazokipumzikia mno. Zikifanya hivyo, unganisha neno: "piechi".

Hatua ya tatu: vunja sentensi, kisha uzijenge upya

Hii ndiyo skripti yangu ya mwanzo, aya ya katikati, bila kuipamba:

*Chimba mashimo 3 yenye kina cha sm 30 (upana sm 40) yaliyoachana m 2–3, kisha changanya udongo uliotolewa juu na samadi iliyooza vizuri kwa uwiano wa 3:1, na mche utolewe kwenye kifuko bila kuvuta shina au kuvunja udongo uliozunguka mizizi, uwekwe katikati ya shimo, ufukiwe na kushindiliwa barabara, halafu umwagiliwe lita 5 za maji.*

Na hii ndiyo iliyosomwa mwishowe:

*Kwanza, mashimo. Tunachimba mashimo matatu. Kila shimo liwe na kina cha sentimita thelathini, na upana wa sentimita arobaini. Kutoka shimo moja hadi jingine, acha mita mbili, au hata tatu.*

*Sasa, udongo. Ule wa juu tuliouchimba, tunauchanganya na samadi iliyooza vizuri. Ndoo tatu za udongo, ndoo moja ya samadi.*

*Mche nao uko kwenye kifuko. Chana kifuko taratibu. Usiuvute mche kwa shina. Kinachoshikwa ni udongo, si shina. Weka mche katikati ya shimo, rudishia udongo, ukandamize vizuri kwa kiganja. Mwisho, maji. Lita tano kwa kila mche.*

Ya kwanza ina maneno kama hamsini, ya pili themanini na kitu. Imerefuka, na usiogope hilo. Kitakachofupisha video ni kutoa mambo yasiyohitajika. Kuyabana yanayohitajika hakufupishi chochote ila uelewa. Ila tazama kilichobadilika, kwa maana si urefu tu.

Mabano yametoweka. Sikio halisikii mabano. Kilichokuwa ndani yake kinasomwa kama sehemu ya sentensi, na sentensi inapoteza mwelekeo. Kama jambo linafaa kusemwa, lipe sentensi yake. Kama halifai, lifute.

Kitu kinatajwa kwanza, maelezo yanafuata. "Kwanza, mashimo." "Sasa, udongo." Vipande hivi vifupi kwenye karatasi vinaonekana kama vimekatika, lakini kwenye sauti ndivyo vinavyomwambia msikilizaji ageuzie wapi masikio. Mtu akisoma mwenyewe hufanya hivyo kwa kubadili sauti anapoingia jambo jipya. Mashine haibadili, kwa hiyo neno ndilo linalobeba kazi hiyo.

Nomino imerudiwa. Kwenye maandishi tunapenda kuishia na viambishi: utolewe, uwekwe, ufukiwe, umwagiliwe. Jicho linaweza kurudi nyuma kuona hiyo "u" ni ya nani. Sikio haliwezi. Na hapa "u" ni ya mche na pia ni ya udongo, zote mbili ziko kwenye aya moja! Nikarudia "mche" na "udongo" kila nilipohisi kuna shaka, hata pale ambapo mwalimu wa insha angenipiga wekundu.

Vitenzi vya kutendwa vimegeuka vya kutenda. "Mche utolewe" ni lugha ya maelekezo yaliyobandikwa ukutani. Anayeonyesha kwa mikono husema "chana", "weka", "rudishia".

Hatua ya nne: msisitizo na maswali yakae kwenye maneno

Hapa ndipo mpaka wa sauti ya kompyuta unapoonekana wazi zaidi, na ndipo Kiswahili kinapokusaidia kuliko unavyodhani.

Nikisema mwenyewe "usivute *shina*", nakaza neno shina na kila mtu anaelewa kwamba kuna kingine cha kushika. Mashine inasoma maneno yote kwa uzito mmoja. Kuandika kwa herufi kubwa hakusaidii. Kuna programu zitakazodhani SHINA ni kifupisho na kuanza kutaja herufi. Alama ya mshangao nayo mara nyingi hupandisha sentensi nzima, si neno ulilolitaka.

Lakini lugha yetu ina njia ya kusisitiza ambayo haihitaji koo: ndicho, ndiyo, ndipo, si. "Kinachoshikwa ni udongo, si shina." "Asubuhi ndipo tunapomwagilia." Soma sentensi hizi kwa sauti bapa kabisa, kama roboti, na bado utasikia ni neno gani lenye uzito. Ukihisi hamu ya kupigia neno mstari, jiulize kama hapo pana nafasi ya "ndi-". Usiiweke kila mahali tu, maana ikirudiwa kila sentensi inakuwa kama mtu anayebishana.

Maswali yana tatizo lake. "Umemwagilia." na "Umemwagilia?" ni maneno yaleyale. Tofauti yote iko kwenye kiimbo, na kiimbo ndicho mashine inachokisia. Sauti nyingine huliweza swali fupi, nyingine hulisoma kama taarifa, na mbaya zaidi ni ile inayoliweza leo, kesho ukiitoa upya haliwezi. Anza na "Je", au malizia kwa chaguo: "Je, umeshamwagilia, au bado?" Sasa ni swali hata likisomwa bila kupandisha.

Orodha ndefu nazo hunyooka kama uzi. "Utahitaji jembe, ndoo, kisu, samadi, maji na glavu" itatoka kwa mdundo mmoja, na mtu atakumbuka cha kwanza na cha mwisho. Igawe: "Utahitaji jembe, ndoo na kisu. Halafu samadi na maji ya kutosha. Kama unazo, vaa glavu."

Hatua ya tano: toa sauti aya kwa aya

Usibandike skripti nzima mara moja. Kila aya iwe faili yake, ipewe namba, nayo itoe faili moja ya sauti. Kwa mfano, ukitumia programu ya kusoma maandishi iitwayo `edge-tts` kwenye kompyuta yenye Python na mtandao:

```
pip install edge-tts
edge-tts --list-voices
edge-tts --voice sw-TZ-RehemaNeural --rate=-5% --file aya03.txt --write-media aya03.mp3
```

Kwenye orodha hiyo tafuta majina yanayoanza na `sw-`. Utaona `sw-KE-ZuriNeural`, `sw-KE-RafikiNeural`, `sw-TZ-RehemaNeural` na `sw-TZ-DaudiNeural`. Hayo `--rate=-5%` yanapunguza kasi kidogo. Nisingeshuka zaidi ya asilimia kumi, kwa sababu sauti iliyovutwa sana huanza kusikika kama ya mtu mwenye usingizi. Kama msikilizaji anaachwa nyuma, tatizo mara nyingi ni kukosa mapumziko, wala si kasi ya maneno.

Sababu ya kugawa kwa aya ni marekebisho. Ukikuta neno moja baya katikati, usitoe upya sentensi hiyo peke yake na kuichomeka. Mashine huanza kila faili kama mwanzo wa habari, sauti iko juu, na sentensi uliyoichomeka itasikika kana kwamba mtu mwingine ameingia chumbani. Toa upya aya nzima. Ni sekunde chache tu.

Mapumziko kati ya aya yaweke kwenye programu ya kuhariri video kwa kuacha nafasi kati ya faili na faili. Ndani ya aya, nukta hupumzisha zaidi ya koma, na kwa kazi nyingi hiyo inatosha. Programu nyingine hukubali lugha ya alama iitwayo SSML, ambayo inakuwezesha kutaja pumziko kwa kipimo na kumpa msomaji namna ya kutamka bila kubadili maandishi:

```xml
<speak version="1.0" xmlns="http://www.w3.org/2001/10/synthesis" xml:lang="sw">
  Kina cha <sub alias="sentimita thelathini">sm 30</sub>.
  <break time="600ms"/>
  Sasa, udongo.
</speak>
```

Programu zinatofautiana. `edge-tts`, kwa mfano, haipokei alama zako za SSML, na kuna nyingine zitakazokusomea alama zenyewe kama sehemu ya simulizi. Jaribu na mstari mmoja kwanza.

Kuhusu urefu wa video: toa sauti ya maneno mia moja ya skripti yako, tazama imechukua sekunde ngapi. Zikiwa hamsini, dakika tatu zitabeba maneno mia tatu na sitini, ukiondoa mapumziko. Usichukue hesabu za lugha nyingine. Neno letu moja linaweza kuwa sentensi nzima, kwa hiyo maneno kwa dakika yanakuwa machache.

Hatua ya sita: sikiliza bila maandishi

Ukisikiliza huku unasoma skripti, ubongo wako utasahihisha makosa na hutayasikia. Geuza skrini. Bora zaidi, mpe mtu asiyeijua mada, mwambie asimamishe kila anaposhindwa kuelewa. Usimweleze chochote, andika tu dakika na sekunde. Tumia spika ya simu badala ya vipokea sauti vya masikioni, kwa sababu hivyo ndivyo watazamaji wengi watakavyosikiliza, na ndipo konsonanti hafifu hupotea.

Mambo mawili husikika kwa urahisi ukijua kuyatafuta. Neno lililoandikwa kwa kukosea herufi moja, ambalo msomaji mtu angelirekebisha bila kufikiri, mashine italisoma kama lilivyo. Na mwisho wa sentensi kushuka kwa namna ileile mara tano mfululizo ni dalili kwamba sentensi zako zina urefu mmoja. Unganisha mbili kati yake kwa "kisha" au "ndipo", na mdundo utavunjika.

Manukuu, yaani maandishi yanayotokea chini ya video, usiyachukue kutoka kwenye maandishi uliyoipa mashine, wala usitumie manukuu ambayo programu inatoa yenyewe pamoja na sauti. Yatakuwa na "pi-echi" na "sentimita thelathini" kwa urefu. Mimi huweka faili mbili tangu mwanzo: moja ya sikio, moja ya jicho. Ya jicho inabaki na `pH` na "sm 30", maana kwa anayesoma hivyo ndivyo rahisi. Kila nikibadili sentensi kwenye moja, nabadili kwenye nyingine papo hapo, la sivyo baada ya wiki huwezi tena kujua ipi ndiyo sahihi.

Yale ambayo uandishi hauyaokoi

Kuna sehemu ambazo nimeacha kupigana nazo. Mazungumzo ya watu wawili ni ya kwanza: sauti moja haiwezi kuwa mama na mwana, na kutumia sauti mbili za kompyuta hutoa watu wawili ambao hawasikilizani. Kama ni lazima, yageuze kuwa masimulizi: "akamwambia asubiri mvua".

Utani ni wa pili. Kichekesho kinaishi kwenye kuchelewa kidogo kabla ya neno la mwisho, na hilo pumziko la milisekunde mia sita si sawa na mtu anayezuia kicheko. Shairi nalo liache kabisa. Mashine itahesabu maneno bila kujali mizani wala vina, na beti zitatoka kama tangazo. Methali inaweza kupona ukiitenga kwa koma katikati, "haba na haba, hujaza kibaba", kwa sababu nusu zake mbili zina pumziko linalojulikana.

Na kuna maneno ya pole, shukrani na kuomba radhi. Kwenye video ileile nilikuwa nimeweka mstari mwishoni wa kuwataka radhi waliotazama toleo la kwanza lenye kosa kwenye kina cha shimo. Nilipoisikiliza sauti ikisema "samahani sana" kwa furaha ileile iliyosemea "Mwisho, maji", niliifuta. Nikashika simu, nikaingia chumba chenye nguo nyingi ili sauti isirudi ukutani, nikarekodi sekunde nane kwa sauti yangu iliyokauka. Zimekaa pale mwishoni mpaka leo, na hakuna aliyelalamika kwamba sauti imebadilika.